Sindano ya kipepeo chini ya ngozi: ni nini, na nyumbani nani asukume nini

Mgonjwa aliye ukingoni mwa maisha huacha kumeza kabla maumivu hayajamwacha. Hapo ndipo nesi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, huweka sindano ya kipepeo: sindano fupi, nyembamba, yenye mabawa mawili ya plastiki na mrija mdogo. Haitafuti mshipa. Nesi hubana ngozi kwa vidole viwili, akaiingiza kwa mshazari kwenye mafuta ya chini ya ngozi, kisha akaibandika kwa plasta inayoonyesha ndani. Hukaa hapo siku kadhaa, hivyo mgonjwa hachomwi upya kila dozi.

Tuchukue mama mmoja wa Rungwe mwenye saratani ya koo. Alikuwa akinywa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, miligramu 10 kila saa nne. Kupitia chini ya ngozi nusu yake inatosha, miligramu 5, kwa kuwa dawa haipiti tumboni na kwenye ini kwanza. Ampuli ya miligramu 10 kwa mililita moja inampa nusu mililita. Baridi ya huko haimruhusu kuvua sweta kila mara, kwa hiyo nesi alichagua kifuani, chini kidogo ya mtulinga, panapofikiwa kupitia shingo ya sweta. Mguu uliovimba haufai kuchomwa, dawa haisharabiwi vizuri.

Binti yake ndiye anayempa. Nesi alimwachia mabomba ya sindano ya kutosha siku moja, yamejazwa na kuandikwa jina la dawa, kiasi na saa. Ananawa mikono, anasoma maandishi, anafuta mdomo wa mrija kwa spiriti na kusukuma polepole. Kisha anafuatisha nusu mililita ya maji ya chumvi kutoka bomba la pili. Hili la mwisho ndilo watu husahau. Nusu mililita ni kidogo kiasi kwamba bila maji hayo sehemu kubwa ya dawa hubaki ndani ya mrija, na nyumba nzima inashangaa mbona mama bado analia. Akimaliza, anaandika saa kwenye daftari.

Ile morfini ya kunywa iliyobaki kwenye chupa haipitishwi kwenye mrija huo kamwe, wala dawa nyingine ambayo nesi hakuiandaa. Dozi ikionekana haijasaidia baada ya nusu saa, binti haongezi nyingine kwa kukisia. Anampigia nesi. Vivyo hivyo mama akiwa haamki hata akiitwa na kutikiswa, na pumzi zimekuwa chache mno: bomba linalofuata linawekwa kando mpaka nesi aseme.

Kila kabla ya kusukuma, binti anatazama kupitia plasta. Wekundu, uvimbe mgumu, plasta kuloa au mama kukunja uso dawa inapoingia ni dalili kwamba mahali pale pamechoka, na nesi atahamisha sindano upande wa pili. Ikichomoka usiku hairudishwi. Anakandamiza pamba safi, anatia sindano kwenye kopo gumu lenye kifuniko, na simu inapigwa usiku huo huo, maana dozi ya alfajiri inasubiri.