Kodi ya mwaliko kwenye chaneli ya WhatsApp: kila mteja awe na yake

Nikipitia chaneli za WhatsApp za wauzaji wadogo nakuta ofa ya aina moja, "tumia kodi GESI10 upate punguzo", imebandikwa kwa watu wote, halafu mwisho wa mwezi muuzaji analalamika kwamba ofa imekula hela na wateja ni walewale. Lazima iwe hivyo, maana kodi moja ikienda kwa wote, wa kwanza kuitumia ni yule mteja ambaye kesho angenunua hata bila punguzo, na huwezi kujua nani kamleta nani.

Kodi ya mwaliko, yaani ile ambayo mteja anampa mwenzake aje nayo kununua kwako, inatakiwa iwe ya mtu mmoja mmoja. Shida ni kwamba kwenye chaneli, admini haoni namba za wafuasi wake kama hajazisevu, kwa hiyo huwezi kumtumia kila mtu ya kwake. Ile brodkasti ya kawaida nayo inabeba watu 256 tu kwa orodha moja, na meseji inamfikia yule tu aliyesevu namba yako. Basi chaneli iache itangaze, kodi uitolee inboksi. Kwenye posti weka linki kama hii, pale penye 7XXXXXXXX weka namba yako ya biashara bila sifuri ya mwanzo:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20kodi%20yangu
```

Mtu akibonyeza inafunguka chati yako na maneno yameshaandikwa, yeye anatuma tu, hapohapo umeshapata namba yake, unamwomba asevu ya kwako, unampa kodi mfano ASHA27 na unaiandika kwenye daftari au Google Sheets pembeni ya namba yake. Usichanganye O na sifuri wala I na 1, kwa sababu hizo kodi zinatajwa kwa mdomo, jirani anamwambia jirani dirishani.

Sasa tuje kwenye hela, tuchukue duka la gesi Mbagala linalobadilisha mitungi midogo, mtupu kwa uliojaa. Tuseme kila mtungi unakuachia faida ya 3,000 ukishatoa gharama zako zote. Mgeni akija na ASHA27 anapunguziwa 1,000 papo hapo, na Asha naye anawekewa 1,000 ila haipati mkononi, anakatiwa siku anayokuja kujaza mtungi wake mwenyewe. Hicho ndicho kinachomrudisha Asha. Na hiyo 1,000 yake iingie baada ya mgeni kulipa na kupokea mtungi, siyo baada ya kuulizia bei.

Ukipiga hesabu utaona mgeni mmoja mtungi wa kwanza anakuachia 1,000 tu, faida kamili inaanza akijaza mara ya pili. Kwa hiyo usijisifie kodi ngapi zimetumika, hesabu wageni wangapi wamerudi. Kodi zikitumika 20 na waliorudi ni wanne, hapo tatizo liko kwenye huduma au bei yako, kuongeza zawadi hakutasaidia kitu.

Kosa ninalokutana nalo sana ni muda wa zawadi. Mtu anaweka "itumike ndani ya siku 14" wakati mtungi mdogo kwa familia ndogo unaweza kumaliza mwezi, yaani zawadi inakufa kabla gesi haijaisha! Weka siku 60, na ukituma tangazo kwenye chaneli taja tarehe yenyewe.

Wajanja nao wapo, mtu anasajili laini ya pili anajialika mwenyewe. Utamjua kwa mahali pa kupeleka mtungi, namba mpya lakini geti ni lilelile, bodaboda wako ndiye atakayekwambia kwanza, kwa hiyo sheria iwe nyumba moja mgeni mmoja, na iandikwe kwenye posti kuanzia mwanzo ili usigombane na mtu.

Kwa wateja wa kudumu mimi sipendi kuwapunguzia bei kila wakati, wanazoea. Bora kila akijaza mara ya tano umpelekee mtungi bila nauli na fundi wako amkagulie mpira na regulata, anapaka povu la sabuni kwenye maungio mbele yake, povu likitoa mapovu yanayovimba basi gesi inavuja. Kwako ni dakika chache, kwake mama mwenye watoto ndani hiyo ni kubwa kuliko buku.

Ukitaka kuwashukuru walioleta wageni wengi, kwenye chaneli weka kodi zao peke yake, usiweke jina kamili wala namba ya simu, chaneli inaonwa na yeyote. Na ukiamua kufunga ofa, tangaza wiki mbili kabla, kisha wapitie inboksi wote wenye salio, mmoja mmoja, uwaambie wana shilingi ngapi na mwisho wa kuzitumia ni lini.