Kusinki stoki maana yake nini, na kwa nini pea ya mwisho inauzwa mara mbili

Kusinki stoki ni kuhakikisha namba ya bidhaa inayoonekana dukani kwako na kwenye masoko ya mtandaoni unayouzia inaendana na mzigo ulio nao kweli, maana wateja wako sehemu tofauti ila mzigo ni ule ule mmoja.

Chukulia viatu vyeusi saizi 42, imebaki pea moja, unauza sehemu tatu: duka lako la mtandaoni na masoko mawili. Sistimu inasinki kila dakika 15 na kote panasoma 1. Saa 4:02 mtu ananunua soko la kwanza, saa 4:09 mwingine ananunua soko la pili, sinki inakuja saa 4:15 inakuta oda mbili na pea moja, stoki yako inasoma -1. Ukiona hasi hiyo ujue kuna mteja kashalipia kitu ambacho hakipo, na inauma kumwambia.

Wengi hapo wanakimbilia kuongeza spidi, wanaweka soko liwatumie taarifa oda ikiingia tu. Inasaidia sana, mwanya unashuka toka dakika hadi sekunde, ila haufi, kwa sababu soko linapokea oda kwa namba yake lenyewe bila kukuuliza, na hata ukilitumia namba mpya linaweza kuchelewa kuibadilisha.

Kinachozuia kabisa ni hii: jumla ya namba zinazoonekana kote isizidi mzigo uliopo. Zikiwa pea 3, kila sehemu inaonyesha 1, hata wote watatu wakinunua sekunde moja kila mtu anapata chake. Ikibaki 1 inaonekana sehemu moja tu, kwingine sifuri. Ukitaka kuihamishia sehemu nyingine, anza kushusha kule ilipo, subiri soko lijibu kwamba limeshusha, cheki kama hakuna oda iliyopenya katikati, ndo upandishe kwingine. Ukianza kupandisha, kwa muda pea moja inaonekana mara mbili na umerudi kule kule.

Dukani kwako mwenyewe watu wawili wanaweza kubonyeza nunua pamoja, so usisome namba kwanza halafu ndo upunguze, fanya vyote kwa amri moja:

```sql
UPDATE stoki SET idadi = idadi - 1
WHERE bidhaa = 'VIATU-42'
  AND sehemu = 'duka' AND idadi >= 1;
```

Ikijibu imebadilisha mstari 1, uza. Ikijibu 0, kuna mtu kawahi, mwambie mteja imeisha kabla hajalipa.

Gharama yake ni kwamba pea ya mwisho inaweza kukaa soko lisilo na watu huku kwingine inaulizwa. Mimi naweka ya mwisho dukani kwangu, maana huko ndo amri ile inafanya kazi.