Bakapu ya namba, kalenda na notsi: kwa nini picha zinarudi alafu namba hazirudi

Watu wengi ukiwauliza una bakapu wanakwambia ndio ninayo, picha zangu zote zipo Google. Sawa, picha zipo. Ila namba za watu, tarehe ulizoweka kwenye kalenda na yale mambo unayoandika kwenye notsi hayaendi pamoja na picha, kila kimoja kina njia yake na kila kimoja kina swichi yake, na unaweza kukaa na simu miaka mitatu picha zinapanda kila siku wakati namba hata moja haijawahi kutoka kwenye hiyo simu.

Bakapu ya mtandaoni maana yake ni kwamba nakala ya kitu chako inakaa kwenye kompyuta za kampuni, chini ya akaunti yako, kwaiyo simu ikifa wewe unaingia kwenye akaunti ileile kwa simu nyingine na vitu vinashuka. Neno la kushika hapo ni akaunti. Hapa naongelea Android na akaunti ya Google maana ndo wengi wetu tunatumia, iPhone nitaigusa mbele kidogo.

Mama yangu mdogo yupo Tanga, anashona. Mwaka juzi akaibiwa simu kwenye daladala, simu na laini yake. Nikamtafutia simu nyingine, tukaweka jimeili yake, picha zikaanza kuonekana palepale, magauni yote aliyowahi kushona, akafurahi kweli. Alafu akafungua namba. Akaniambia "mwanangu, mbona wateja wangu hawapo?" Zilikuwepo 61. Yeye alikuwa na zaidi ya 400. Kalenda nyeupe kabisa, na notsi ambako ndo alikuwa anaandika vipimo vya watu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, hamna kitu.

Sa ilikuwaje? Ukibonyeza alama ya kujumlisha uandike namba mpya, pale juu kabisa simu inakuonyesha mahali inapoenda kuihifadhi. Mara nyingi kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni laini, imeandikwa SIM. Ya pili ni simu yenyewe, imeandikwa Phone au Device. Ya tatu ni anuani yako ya jimeili. Wengi hatuangalii pale juu, tunaandika jina tunasevu, na simu inafuata chaguo la mwisho au lile ililokuja nalo toka dukani. Ukija kutazama orodha yako yote yanaonekana yamechanganyika kwenye orodha moja, huwezi kujua lipi liko wapi, na ndo maana mtu anaamini yuko salama. Zile 61 za mama mdogo ndo zilizokuwa zimeingia kwenye jimeili, nyingine zilikuwa kwenye laini na kwenye simu, vyote viwili viko kwa mwizi.

Na hapa kuna kitu kinawachanganya watu: alienda dukani na kitambulisho chake cha NIDA akaweka kidole akarudishiwa laini yenye namba ileile, akategemea majina yatakuja na laini. Hayaji. Majina ya kwenye laini yanakaa ndani ya kile kikadi kidogo, sio kwa kampuni ya simu, kwaiyo kikadi kipya kinakuja kitupu. Pia laini kwa kawaida inashika jina na namba basi, mambo ya mahali mtu anapokaa sijui siku ya kuzaliwa hayakai humo.

Kalenda ni hivyohivyo. Simu nyingi zina kalenda yake ya ndani, ukiandika "harusi ya Mwanaidi, magauni sita, tarehe 14" bila kuchagua jimeili yako pale chini, tukio linabaki ndani ya simu. Notsi ndo mbaya zaidi kwa sababu apu ya notsi inayokuja na simu mara nyingi haihusiani na Google kabisa, aidha inatumia akaunti ya kampuni iliyotengeneza simu au haitumii akaunti yoyote. Mama mdogo hakuwa na hiyo akaunti nyingine, kwaiyo vipimo vilikaa kwenye simu tu. Kilichomwokoa kidogo ni kwamba alikuwa na tabia ya kupiga picha daftari lake la zamani, na picha zilikuwa zimepanda, tukakaa jioni nzima tunavuta picha moja moja tunaandika upya. Namba nazo tulizipata baadhi kwa kupitia magrupu ya WhatsApp, maana namba ambayo hujaisevu inakuonyesha jina ambalo mwenyewe amejiandika, unatambua huyu ni mama Zuhura unasevu. Ila inachosha, na wale wateja ambao hawapo kwenye grupu lolote ndo walipotea.

Baada ya hapo tukaipanga simu mpya vizuri. Kwanza nikaweka apu ya Google Contacts, kwa sababu zile zinazokuja na simu kila moja ina menyu zake na maelekezo yanapishana. Ndani yake kuna sehemu ya Organize, humo kuna Import from SIM inayochukua majina ya kwenye laini na kuyaingiza kwenye jimeili, na kwenye mipangilio ya kusinki, yaani kufananisha simu na akaunti, humohumo kuna swichi inaitwa Also sync device contacts, hiyo inayapandisha yale yaliyokaa kwenye simu. Alafu ukaenda Settings za simu, Accounts, ukachagua Google, utaona orodha ya swichi, Contacts na Calendar ziwe zimewaka. Kama umezima Auto-sync ili kubana bando au chaji, hakuna kinachopanda hata swichi ziwe zimewaka, hilo nimeliona kwa watu wengi. Na usiogope bando kwa upande wa namba, majina elfu moja ni maandishi tu, hayafiki uzito wa picha moja. Kinachokula nafasi ni picha na video, zile GB 15 za bure zinagawanwa na Google Photos, Gmail na Drive kwa pamoja.

Kwenye kalenda tukahamia Google Calendar, kwenye notsi tukaweka Google Keep, na vile vipimo vyote tukaviandika humo, kila mteja na notsi yake.

Kujua kama imekubali usiangalie kwenye simu ileile, maana simu itakuonyesha kila kitu hata kisichopanda. Chukua simu ya mtu mwingine au kompyuta, fungua contacts.google.com, ingia na jimeili yako, pembeni ya neno Contacts kuna idadi. Linganisha na ya kwenye simu. Alafu tafuta jina la mtu uliyemsevu leo asubuhi, akiwepo ujue inapanda. Fanya hivyo kwa calendar.google.com na keep.google.com pia, ukimaliza usisahau kutoka kwenye akaunti kama kifaa sio chako.

Kurudisha kwenye simu nyingine sasa ni kazi ndogo: unaweka jimeili ileile, unawasha data, namba na kalenda zinashuka zenyewe ndani ya dakika chache, Keep unaipakua Play Store unaifungua notsi zipo. Picha hazijazi simu, unaziona ndani ya apu ya Google Photos na zinafunguka kwa intaneti, kwaiyo usishangae galari ya simu ikiwa tupu. Ukihamia iPhone unaenda Settings, unatafuta Contacts, unaingia kwenye akaunti zake, unaongeza Google na kuwasha Contacts na Calendars. Pale kuna swichi ya Notes pia, watu wanaiwasha wakitegemea notsi za Keep zitakuja, haziji, hiyo inahusika na kitu kingine, Keep lazima uweke apu yake.

Kikwazo kikubwa cha kurudisha ni kuingia kwenyewe. Simu imeibiwa, Google inataka kutuma kodi kwenye namba yako, na laini iko kwa mwizi. Kwaiyo laini irudishwe kwanza ndo ujaribu kuingia, ukijaribu jaribu kabla unaweza kufungiwa kwa muda. Au, na hii ndo tuliyofanya kwa mama mdogo, kama umewasha uhakiki wa hatua mbili ingia mapema, kabla simu haijapotea, kwenye usalama wa akaunti, tafuta Backup codes, inakupa kodi 10 za tarakimu nane nane, kila moja inatumika mara moja. Tuliziandika kwenye karatasi zikakaa kwenye boksi la mashine ya cherehani.

Kuna jambo la mwisho ambalo lilitokea miezi kama mitano baadae na ndo linaonyesha tofauti ya kusinki na bakapu. Binti yake alikuwa anatumia tableti iliyowekwa jimeili ya mama yake, akaona majina ya watu asiowajua, akayafuta ili tableti iwe nyepesi. Jioni mama mdogo ananipigia anasema namba zimeondoka zote, na simu anayo mkononi. Kusinki kunafanya vifaa vyote vifanane, ukifuta huku kunafutika na kule, haikuulizi kama ulikosea. Tulichofanya tuliingia contacts.google.com kwenye kompyuta, kwenye alama ya mipangilio kuna Undo changes, pale unachagua urudi lisaa limoja, siku moja, wiki moja nyuma, au muda unaoutaka mwenyewe mpaka siku 30. Tukachagua siku moja, baada ya kama dakika mbili zikaanza kurudi kwenye simu, yeye yuko Tanga mimi niko Dar tunaongea kwenye simu anazihesabu. Angalia tu kwamba orodha inarudi ilivyokuwa wakati ule, kwaiyo namba ulizoongeza baada ya hapo ziandike pembeni kabla hujabonyeza. Upande wa Keep muda ni mfupi zaidi, notsi uliyofuta inakaa Trash siku 7 basi inaondoka.

Kwa sababu hiyo kila mwisho wa mwezi anabonyeza Export kwenye Google Contacts, inatoka faili moja ya .vcf yenye majina yote, anajitumia kwenye WhatsApp ya mume wake. Faili hiyo haisinki na kitu chochote, mtu akifuta namba kwenye tableti yenyewe inabaki ilivyo, na ukiifungua kwenye simu yoyote, iwe Android au iPhone, inakuuliza kama uziingize. Ya mwezi uliopita ilikuwa na majina 438.