Chujio Safi, Maji Yamebaki: Pampu ya Mashine ya Kufulia Inayonuka

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kufulia hapa Tanga mjini, na kuhusu zile zenye mlango wa mbele, malalamiko mawili hunifikia pamoja mara nyingi: nguo zinatoka na harufu ya uvundo, na maji yanabaki ndani ya pipa baada ya mashine kumaliza kazi. Watu wengi huyatenganisha, wakaanza kununua dawa za kuondoa harufu na kuliacha suala la maji kwa baadaye, ilhali kwa kawaida chanzo ni kimoja. Maji yenye mabaki ya sabuni, jasho na nyuzi yakituama chini ya pipa siku mbili tatu katika joto letu la pwani, bakteria huzaliana humo, na hakuna manukato yatakayoiondoa harufu hiyo maadamu maji yenyewe hayajatoka.

Ifahamike kwamba maji kidogo hubaki siku zote ndani ya pampu na katika bomba fupi linalotoka chini ya pipa, nayo hayaonekani mtu anapofungua mlango. Hayo si ubovu. Maji yanayoonekana kupitia kioo cha mlango, au yanayosikika yakicheza pipa linapozungushwa kwa mkono, ndiyo yanayohitaji kushughulikiwa.

Ninapenda kueleza kwa kirefu mashine moja ya eneo la Raskazone, kwa sababu ilikuwa na hitilafu ambayo mwenye nyumba anaweza kupita karibu nayo kabisa asiione. Watoto wa nyumba ile huoga baharini, na nguo zao huingia kwenye mashine pamoja na mchanga. Mama wa nyumba alinipokea kwa maneno haya: «Fundi, chujio nimelisafisha jana kama kijitabu kinavyoelekeza, lakini maji yamebaki vilevile.» Alikuwa amefanya sawasawa, ila kijitabu chake kiliishia kwenye chujio, wakati tatizo lilikuwa nyuma yake.

Kabla ya kufungua chochote niliwasha mpango wa kutoa maji na kutega sikio. Sauti ya pampu hueleza mengi: ikikwaruza au kugonga, kuna kitu kigumu kinachogongwa na feni yake, ikinguruma kwa sauti nzito huku maji hayatoki, huenda feni imekwama au bomba limeziba, na ikiwa kimya kabisa, ama umeme hauifikii au koili yake imeungua. Ile ya Raskazone ilikuwa ikinguruma.

Kisha nilichomoa plagi ukutani, kwa sababu kuzima kwa kitufe pekee hakutoshi, na nikafunga koki ya maji. Ikiwa nguo zilikuwa zikifuliwa kwa maji ya moto, lazima yaachwe yapoe, kwani yanayotoka kwenye chujio yanaweza kuunguza. Kifuniko cha chujio mara nyingi kiko mbele, chini, upande wa kulia. Mashine nyingi zina kijibomba chembamba kando ya chujio, nacho huvutwa nje, hutolewa kizibo chake na kuelekezwa kwenye trei. Pasipokuwa na kijibomba, chujio hulegezwa polepole, robo mzunguko tu, maji yatiririke kwenye sinia pana. Sinia likijaa, hukazwa tena, likamwagwa, kazi ikaendelea. Anayelifungua chujio lote kwa mara moja hufurikisha chumba, kwa maana pipa linaweza kuwa na zaidi ya lita kumi.

Chujio lilitoka likiwa safi kweli. Nilimulika tochi ndani ya tundu lake, na mwishoni mwa tundu hilo ikaonekana feni ndogo ya plastiki, ambayo ndiyo inayosukuma maji. Niliisukuma kwa ncha ya kidole. Feni nzima haizunguki laini kama gurudumu. Huenda kwa kushtuka, ikikwama kidogo na kuruka, kwa sababu mhimili wake umeshikwa na sumaku. Wengi wakikuta mkwamo huo hudhani pampu imekufa na kununua nyingine bure. Hii, hata hivyo, haikuruka kabisa. Nyuma ya mabawa yake, pale inapokutana na mwili wa pampu, palikuwa na nyuzi nyembamba za pindo la kanga zilizojisokota kwenye mhimili pamoja na nywele, zikashika mchanga na kukaza. Nyuzi za namna hiyo hupenya kwenye meno ya chujio bila shida, kwa hiyo chujio safi si ushahidi kwamba pampu nayo ni safi.

Nilizikata kidogo kidogo kwa wembe mdogo, nikazivuta kwa kibano, nikaosha mchanga uliobaki, hadi feni ikaanza kuruka kwa mishtuko yake ya kawaida. Kabla ya kurudisha chujio nilifuta mpira wake wa duara na njia za skrubu, kwa sababu chembe moja ya mchanga hapo huleta uvujaji. Chujio hukazwa mpaka mwisho, kwa mkono, bila koleo. Kisha humiminwa lita mbili za maji kupitia droo ya sabuni, mashine ikawekwa kwenye mpango wa kutoa maji, na karatasi kavu ikapitishwa chini ya chujio. Maji yalitoka kwa nguvu na karatasi ikabaki kavu.

Harufu ilihitaji kazi ya pili, nyepesi zaidi. Mkunjo wa mpira wa mlango ulikuwa na utando mweusi na mchanga, nao husafishwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, sehemu ya chini hasa. Droo ya sabuni hutolewa yote na kusuguliwa. Baada ya hapo mashine huendeshwa tupu kwa nyuzi 60 au 90, pamoja na sabuni ya unga ya mashine. Anayeamua kutumia dawa ya klorini asiichanganye kamwe na siki, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Nilimwomba mama yule aache pia sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono: povu lake jingi huingia kwenye pampu, na pampu haiwezi kusukuma povu kama inavyosukuma maji, hivyo mabaki hurudi palepale.

Kwa nyumba zenye mchanga ninashauri chujio lifunguliwe kila mwezi, na feni iguswe kwa kidole siku hiyo hiyo. Feni ikizunguka bila mshtuko wowote, au ikiyumba huku na huku, mhimili umevunjika au umelika, na pampu inapaswa kubadilishwa. Ikiwa feni ni nzima na inazunguka, lakini maji hayatoki, livueni bomba la kutolea maji nyuma ya mashine mlichunguze, hasa pale lilipokunjwa ukutani. Na ikiwa pipa lilibaki tupu jioni, kisha asubuhi likakutwa na maji ilhali mashine haikuwashwa, pampu haihusiki na chujio halihusiki: fungeni koki usiku unaofuata, na maji yasipoonekana tena, valvu ya kuingizia maji ndiyo inayovuja, yakionekana hata hivyo, tazameni kama ncha ya bomba la kutolea maji imezama kwenye sinki au kwenye maji machafu, maana hapo ndipo yanaporudia.