Juisi ya ukwaju na siri zake: mambo ya kuandika kabla ya kumwonyesha dizaina mpango wako

Kwenye dawati letu la ushauri wa sheria kwa biashara ndogo hapa Malindi, mkataba wa kutunza siri ninaoletewa mara nyingi ni wa sentensi moja: "Dizaina atatunza siri zote za kampuni." Umetiwa saini, umepigwa muhuri, na aliyeuleta ana hakika amejikinga. Humwomba anitajie hizo siri moja moja. Kabla hajafika ya nne tunakuta kwamba mbili kati yake zitabandikwa kwenye chupa na kusomwa na kila mnunuzi.

Tuchukue mfano. Kampuni ya watu wanne mjini Malindi imezoea kuuza achari ya embe. Sasa inataka kutoa juisi ya ukwaju, chupa ya mililita 300, ianze kuuzwa wiki mbili kabla ya Ramadhani. Imempata dizaina anayejitegemea, anafanyia kazi nyumbani kwake Lamu, na wamekubaliana shilingi 25,000 kwa nembo na lebo. Mpango wa biashara una kurasa sita: jina la juisi, mapishi pamoja na vipimo, bei wanayouziwa ukwaju, orodha ya maduka na hoteli zilizokwisha kukubali kuipokea, na tarehe ya kuanza kuuza.

Mwenye kampuni alikuwa tayari kumtumia kurasa zote sita kwa WhatsApp. Mtu wa lebo anahitaji jina, ukubwa wa chupa, orodha ya viungo na tarehe. Gramu za sukari hazimhusu, wala bei ya ukwaju. Kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuchomoa kurasa mbili na kuzirudisha kabatini, maana hakuna mkataba unaolinda siri vizuri kuliko kutoitoa.

Zilizobaki zinahitaji kuandikwa kwa majina yake, na kila moja ipewe umri wake. Hapa ndipo mikataba mingi ya kunakili mtandaoni inapoharibikia, kwa sababu huweka miaka mitano kwa kila kitu. Jina la juisi ni siri mpaka siku chupa ya kwanza inapouzwa, basi. Orodha ya viungo ni hivyo hivyo, kwani lebo ya chakula lazima iitaje. Orodha ya maduka na hoteli ina thamani ndefu kidogo, tuseme miaka miwili. Vipimo vya mapishi, kama ingelazimu kuvitoa, vingebaki siri muda wote ambao havijajulikana kihalali. Kifungu tulichoandika kilisomeka hivi: "Siri katika mkataba huu ni jina la bidhaa, orodha ya viungo na tarehe ya kuanza kuuza, hadi bidhaa itakapoingia sokoni, na orodha ya wateja, kwa miaka miwili tangu siku ya kutia saini."

Mahakama zetu, zikifuata kanuni iliyotoka katika sheria ya Kiingereza, huangalia mambo matatu: je, habari yenyewe ilikuwa ya siri kweli, je, ilitolewa katika hali ya kuaminiana, na je, imetumiwa bila ruhusa kwa hasara ya mwenyewe? Jambo linalozungumzwa kila baraza haligeuki kuwa siri kwa kupigwa muhuri. Ndiyo maana mkataba wa haki hutaja pia yasiyohesabiwa: yaliyo wazi kwa watu bila kosa la dizaina, aliyoyajua kabla, aliyopewa kihalali na mtu mwingine, na yale ambayo mahakama imemwamuru ayatoe. Wenye kampuni huona haya kama mianya. Lakini dizaina aliyewahi kutengeneza lebo mbili za juisi angekuwa mjinga kutia saini karatasi inayomfunga hata kwa aliyoyajua tangu zamani.

Angalia tena neno "atatunza". Mtu anaweza kufunga mdomo kabisa na bado akakudhuru, kwa kuchukua wazo lako na kumtengenezea mshindani. Andika kwamba hatasema, na pia hatatumia kwa kazi yoyote isipokuwa hii.

Kisha yupo mtu wa tatu, ambaye karibu kila mkataba humsahau: mpiga chapa. Faili ya lebo itatoka Lamu iende kwa kiwanda cha uchapaji Mombasa, na pale sampuli nzuri hubandikwa ukutani wateja wazione. Mkataba wetu ulimruhusu dizaina kumpa mpiga chapa mmoja tu, baada ya huyo naye kukubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu.

Uvujaji wa kawaida kuliko wote hauna nia mbaya. Dizaina amefurahia kazi yake, anaiweka Instagram au kwenye status, na jina limeshatoka mwezi mzima kabla ya wakati. Ukimkataza milele unamnyima riziki, kwa sababu wateja wapya humjua kwa kazi zake. Tuliandika kwamba siku 30 baada ya juisi kuingia sokoni anaweza kuonyesha lebo iliyochapishwa, ila si michoro iliyokataliwa. (Michoro hiyo mara nyingi hubeba jina ambalo kampuni imeliweka akiba kwa bidhaa ijayo.)

Saini itiwe kabla ya ujumbe wa kwanza wa sauti, si baada ya kazi kulipwa. Katika sheria yetu ya mikataba, ahadi huhitaji malipo au faida fulani upande wa pili. Ukimletea karatasi baada ya kumaliza kumlipa, anaweza kuuliza amepewa nini kwa ahadi hiyo mpya. Njia rahisi ni kuifunga siri ndani ya makubaliano yenyewe ya kazi.

Kuhusu fidia, mwenye kampuni alitaka iandikwe shilingi 5,000,000 "ili aogope". Kiasi kama hicho kwa kazi ya 25,000 mahakama inaweza kukiona ni adhabu na kukataa kukitekeleza. Tulikaa tukapiga hesabu: jina likivuja na likalazimu kubadilishwa, lebo 2,000 za shilingi 12 zitatupwa, hiyo ni 24,000, na nembo mpya ni 25,000. Tukaandika 49,000. Dai la fedha la mkataba wa huduma lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Jina lenyewe, hata hivyo, hulindwa kwa kulisajili kama alama ya biashara KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo. Mkataba wa siri unamfunga aliyetia saini tu, haumfungi jirani aliyelisikia.

Kifungu cha mwisho kilihusu kufuta. Dizaina alipewa siku 14 baada ya kukabidhi kazi afute faili za siri, abaki na nakala moja ya kazi iliyokamilika na risiti zake, kisha athibitishe kwa maandishi. Alipoanza kufuta aligundua kwamba orodha ya hoteli ilikuwa imejihifadhi yenyewe kwenye picha za simu, simu ile ile ambayo mwanawe huichezea kila jioni.