Sini ya watu wawili: mpini unahama vipi katikati

Kila nikifundisha uigizaji, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni sini ya watu wawili, yaani kipande kifupi cha mchezo, chumba kimoja, dakika nne au tano hivi, kila mmoja anataka kitu ambacho mwenzake hawezi kumpa bila yeye mwenyewe kupoteza, halafu katikati aliyekuwa ameshika mpini anajikuta ameshika makali. Wengi wanaandika nusu ya kwanza vizuri kabisa, shida inaanza pale pa kugeuka. Unakuta mtu anatoa barua mfukoni, au simu inaita, au anatamka siri ambayo sisi watazamaji hatukuwa na habari nayo, na hapo sini inakufa, maana waigizaji hawajageuza chochote, ni mwandishi tu ndo kaingia chumbani akageuza mwenyewe.

Mi nawaambia hivi: kitu cha kugeuza kiwe kimeshatajwa tayari, na kama inawezekana kitoke mdomoni mwa yule mwenye nguvu, tena akiwa anajaribu kumaliza kazi yake haraka. Tuangalie mfano niliouandika kwa ajili ya darasa, kuanzia mwanzo hadi pale pa kugeuka. Juma na Zuhura ni ndugu, wazazi wameshafariki, Zuhura bado anakaa kwenye nyumba ya urithi. Juma anataka kuondoka na saini ya mdogo wake ili nyumba iuzwe. Zuhura anataka kubaki. Juma amesimama muda wote, Zuhura amekaa mezani.

JUMA: Saini hapa na hapa, mdogo wangu. Naondoka sasa hivi.
ZUHURA: Umekula, kaka?
JUMA: Nimekula. Hapa, na ukurasa wa pili.
ZUHURA: Kalamu haiandiki.
JUMA: (anatoa nyingine) Hii hapa.
ZUHURA: Si ulisema bei bado mnazungumza?
JUMA: Tunazungumza. Ila saini iwepo kwanza, ndo watu wawe siriasi.
ZUHURA: Na mimi vitu vyangu nipeleke wapi?
JUMA: Una wiki nzima. Wao wanahamia Jumamosi.
ZUHURA: Jumamosi.
JUMA: Au baadaye. Wakipenda.
ZUHURA: Bei hamjakubaliana, ila siku ya kuhamia mnayo.
(Juma kimya.)
ZUHURA: Wamekupa kiasi gani, kaka?
JUMA: Tukae tuongee.
ZUHURA: Mi nimekaa tangu umeingia. Kaa wewe.

Anza na malengo. Ukimuuliza mwigizaji wa Juma anataka nini akakujibu "anataka pesa" au "ana hasira", mrudishe, hivyo haviigiziki. Lengo linaloigizika lina mtu mwingine ndani yake na lina alama ya kuonekana kwa macho: nataka Zuhura aandike jina lake kwenye karatasi hii kabla sijatoka. Hapo kila sekunde mwigizaji anaweza kuangalia kalamu iko wapi akajua anashinda au anashindwa. Zuhura naye vilevile, lengo lake ni kaka atoke bila saini, na kwa kuwa hawezi kumkatalia kaka mkubwa usoni anatafuta njia za pembeni. "Umekula" pale sio ukarimu, ni kuvuta muda. Kalamu haiandiki, ni kuvuta muda tena. Dada anayeigiza akisema "umekula" kwa upole mtupu bila kuchelewesha chochote, sini imesimama na hakuna atakayejua kwa nini imepoa.

Sasa pale pa kugeuka. Watu wanadhani nguvu inahama kwenye mstari mmoja, ule wa "wamekupa kiasi gani". Hapana, inahama kwa hatua tatu. Kwanza Juma anateleza, anataja Jumamosi. Pili Zuhura anasikia. Tatu Juma anagundua kwamba amesikika, na hiyo ipo kwenye "au baadaye", maana mtu mwenye uhakika harudi nyuma kurekebisha siku. Ile mistari ya katikati ndo moyo wa sini na ndo inayoharibiwa zaidi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mwigizaji wa Juma kulikandamiza neno Jumamosi kwa sababu ameshasoma skripti na anajua ni neno kubwa, analipigia kengele kabisa, na utajua limeharibika ukiona watazamaji wameshaelewa kabla Zuhura hajafungua mdomo. Dawa yake rahisi, mpe kazi ya mikono pale, awe anapanga karatasi ndani ya bahasha, neno litoke macho yake yakiwa kwingine na akiwa anaamini anamsaidia dada yake kwa kumpa tarehe. Halafu Zuhura akirudia "Jumamosi" asirudie kama mtu aliyekamata mwizi, bado hajui anachokijua, anarudia ili alisikie vizuri.

Upande wa Zuhura ugonjwa ni ule ule ila umegeuzwa: kwa kuwa anajua atashinda mbele, anaanza kushinda tangu "umekula", kidevu juu, tabasamu la pembeni. Ukiona hivyo, chukua nusu ya kwanza peke yake irudiwe mara kadhaa na iishie kwa Zuhura kusaini kweli, aandike jina, kaka aondoke na karatasi. Mwili wake ukishajifunza kwamba hatari ni ya kweli, ukimrudishia nusu ya pili utaona tofauti kubwa sana, sauti tu inakuwa ndogo bila wewe kumwelekeza.

Jambo lingine, baada ya kugeuka malengo hayabadiliki. Juma bado anataka saini ile ile, kilichobadilika ni mahali anapoiombea. Mwanzo alikuwa anaamrisha na kuharakisha, sasa abembeleze, aeleze, aombe. Hapa ndo ninampa sababu ya haki: malipo ya mwanzo ameshayapokea na ameshayamaliza kulipa deni la matibabu ya marehemu mama yao, deni alilolibeba peke yake bila kumwambia mdogo wake. Ukimwacha Juma awe tapeli tu, nusu ya pili inakuwa mahakama, Zuhura anahukumu, Juma anajitetea, hakuna mvutano. Ila akiwa na sababu, Zuhura ana kalamu mkononi na bado kuitumia kunamuuma. Na angalia, deni hilo lipandwe mapema, hata mstari mmoja wa Zuhura mwanzoni kwamba wale wa hospitali siku hizi hawapigi tena simu, basi, Juma aseme "vizuri" na aendelee na karatasi zake.

Kupima kama imekaa sawa, waambie watazamaji wainue mkono pale wanapoona nguvu imehama. Mikono ikipanda karibu pamoja, kati ya "Jumamosi" na kile kimya, mko vizuri. Ikipanda ovyo ovyo, mmoja mwanzoni mwingine mwishoni kabisa, kuna mtu anaigiza matokeo badala ya kumsikiliza mwenzake. Kisha irudieni bila sauti, midomo icheze tu. Yule aliyekuwa amesimama anakaa lini, na kalamu iko kwa nani anapokaa? Kama hilo halionekani bila maneno, rudini kwenye mikao kwanza kabla ya kugusa skripti.

Kuhusu mwisho, mi huikata pale Zuhura anapotaja sharti lake, kwamba atasaini lakini chumba cha nyuma kibaki kwa jina lake. Jibu la Juma sikuliandika, nawaachia waigizaji walitafute wenyewe wakiwa ndani ya sini, halafu wabadilishane nafasi na waanze upya kutoka "saini hapa na hapa".