Je, wajua? Jinsi ya kumshukuru mgeni na kumuuliza maswali magumu kwa pumzi moja

"Mimi ni monita wa kidato cha sita. Afisa wa Bodi ya Mikopo anakuja kuzungumza nasi, nami nimepewa neno la shukrani. Wenzangu wanataka nimuulize maswali matatu yanayowakera. Nitaulizaje bila kumwaibisha mgeni?"

Kinachomwaibisha mgeni mara nyingi ni kushtukizwa. Kwa desturi yetu neno la shukrani ndilo hufunga kikao, na likiisha mgeni anajua hatarajiwi kusema tena. Ukimrushia swali hapo bila taarifa, unamweka njia panda: akijibu amevunja utaratibu, akinyamaza anaonekana amekimbia. Kwa hiyo asubuhi ile mwone mwalimu wa taaluma, mweleze kwamba shukrani zitakuwa na maswali matatu, na umwombe amfahamishe mgeni mambo yatakayoguswa. Maneno kamili ya maswali utayaandika wakati mgeni anazungumza, kwa sababu kila swali linapaswa kushika jambo alilolisema yeye mwenyewe.

Kabla ya kuandika, pima swali kwa kigezo kimoja: je, jibu lake liko mikononi mwa huyu aliyesimama mbele yenu? Wenzako wengi watakutuma uulize kwa nini mnufaika anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na si 8 kama zamani. Kiwango hicho kilipandishwa na Bunge mwaka 2016 kwa kurekebisha sheria ya Bodi. Afisa hawezi kukibadili, kwa hiyo atakueleza umuhimu wa kurejesha mkopo na mtaondoka mikono mitupu. Jinsi makato yanavyokusanywa, hilo ni la ofisi yake. Liulize hilo.

Tuseme amewaeleza mambo matatu: makato hupitia kwa mwajiri, mkopo hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na vyeti vya kuzaliwa na vya vifo lazima vihakikiwe na RITA. Baada ya kuwasalimu mkuu wa shule, walimu na mgeni, shukuru kwa kutaja kitu mahususi, mfano hesabu aliyoifanya ubaoni: mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Hapo mgeni anajua mlisikiliza, na swali la kwanza linazaliwa palepale:

"Mgeni wetu, tumeiandika hesabu ile. Tunaomba utufafanulie: ile 120,000 ikionekana kwenye hati ya mshahara lakini mwajiri hajaifikisha Bodi, deni hilo linabaki kwa nani?"

La pili ndilo zito, na mimi huliweka katikati makusudi. Hapo mgeni ameshazoea sauti yako, na bado kuna swali jepesi la kumpumzisha baadaye:

"Umetueleza kwamba uhitaji ndio kigezo. Mwombaji akipangiwa kiasi kidogo kuliko alichotarajia, anaonyeshwa wapi jinsi uhitaji wake ulivyopimwa?"

Angalia lisivyokuwa nalo. Halisemi mtu alipendelewa, halimtaji jirani mwenye gari aliyepata mkopo mkubwa. Ukiongeza lawama hata kidogo, mgeni atajibu lawama na kuliacha swali. Vilevile halikuunganishwa na jingine kwa "na pia", kwa kuwa mtu akiulizwa mawili hujibu lililo rahisi.

La mwisho liwe la hatua inayofuata, ili jibu lake liwe maelekezo mnayoweza kuyafanyia kazi:

"Baadhi yetu tumefiwa na wazazi vijijini na vifo havikusajiliwa. Ili tupate cheti cha kupeleka RITA kuhakikiwa, tuanzie ofisi gani?"

Uliza yote matatu mfululizo, kisha ongeza: "Yale ambayo muda hautoshi, tutashukuru ukituletea majibu kupitia kwa mwalimu wa taaluma." Sentensi hiyo inampa mgeni njia ya kutoka kwa heshima, na wakati huohuo inamfunga, kwa kuwa mwalimu amesikia na anaweza kumkumbusha.

Ukishaketi, shika kalamu. Jibu la kweli lina kitu cha kuandika: jina la ofisi, fomu, tarehe au jina la ukurasa wa kufungua kwenye akaunti ya mwombaji. Ukiona dakika mbili zimepita na daftari liko tupu, hujajibiwa. Usisimame kumbishia. Atakapomaliza, inuka kufunga kwa kusema, "Ahsante sana, mgeni wetu. Swali la pili nitamkabidhi mwalimu kwa maandishi ili likufikie," kisha mwombe mkuu wa shule aendelee na ratiba.